Usaili wa programu: nimepewa mstari mmoja wa mkopo wa siku 30, una kasoro ngapi?

Binti_Chumbageni

Habari za jioni wakuu. Niko hapa Tanga mjini, nimevuka usaili wa kwanza wa kazi ya kuandika programu kwenye kampuni moja ya mikopo midogo. Wa pili ni wiki ijayo kwa video. Wamenitumia mstari mmoja wa Java, wanataka nije na kila kasoro nitakayoiona, tena niithibitishe kwa mfano:

```java
long mwisho = mkopo.getTime() + 30 * 24 * 60 * 60 * 1000;
```

`mkopo` ni muda mteja alipopokea pesa, `mwisho` ni muda wa kulipa. Kwa siku 7 tarehe inatoka sawasawa. Nikiweka 30 inatoka tarehe ya nyuma. Naelewa kwamba namba imezidi kipimo, ila nahisi wanatafuta zaidi ya hapo. Naombeni mnifungue macho.

Mzee_wa_Mkonge

Mwanangu, hiyo ya tarehe ya nyuma usiipite haraka, maana wengi wakishasema "imezidi" wanaishia hapo. Zile namba tano zote ni `int`, za biti 32. Java inazizidisha zenyewe kwa zenyewe kwanza, wala haijali kwamba jibu litaingia kwenye `long`. Siku 30 ni milisekunde 2,592,000,000, na `int` inagota kwenye 2,147,483,647. Ikivuka haipigi kelele. Inazunguka na kuibukia upande wa hasi, unapata -1,702,967,296.

Sasa waoneshe maana yake kwa mteja. Hizo ni siku 19, saa 17 na dakika kama tatu kurudi nyuma. Mtu kachukua pesa tarehe 1 Juni saa nne asubuhi, mfumo unasema alitakiwa kulipa tarehe 12 Mei, inakaribia saa kumi na moja jioni. Anadaiwa faini hata noti hajazihesabu.

Siku 7 ndizo zilizokudanganya. Siku 24 bado zinaenea, 25 hazienei. Nenda na majaribio ya 24 na 25, waone unajua ukuta ulipo.

Kijana_wa_Makorora

Dada mbona jambo dogo. Weka L mwishoni, `1000L`, umemaliza. Au andika kwa JavaScript, huko hakuna habari za int.

Mzee_wa_Mkonge

Kijana, L ya mwishoni inapona kwa bahati. Kuzidisha kunaanzia kushoto, na 30 * 24 * 60 * 60 ni 2,592,000 tu, inaenea, ndipo inakutana na `1000L`. Mwenzako akija kupanga upya mstari kwa mkopo mrefu, tuseme wa siku 600, akaandika `1000 * 60 * 60 * 600 * 24L`, L ikabaki mkiani, mambo yanaharibika tena na hakuna atakayeambiwa. Iweke kwenye namba ya kwanza, `30L`. Na pale ambapo kweli unataka kubaki na `int`, `Math.multiplyExact` inasimamisha programu badala ya kukupa jibu la uongo kimyakimya.

Salma_Pongwe

Na hiyo JavaScript msiisifie sana. Ofisi niliyokuwa zamani nilikuta kikumbusho cha malipo kimewekwa kwa `setTimeout` ya siku 30. Ujumbe wa "deni lako limefika" ulikuwa unaenda palepale mtu anapokopeshwa. Kuzidisha kulikuwa sahihi kabisa, ila `setTimeout` yenyewe inatunza muda kwa biti 32, kwa hiyo ukivuka siku 24 na ushee haingoji, inafyatuka. Watu walilaumu mtandao wa simu wiki nzima.

Hesabu_Safi

Wote mmekosea. Tatizo ni desimali. 0.1 + 0.2 haitoi 0.3, atumie `BigDecimal`.

Mzee_wa_Mkonge

Ndugu yangu, soma tena, hamna desimali kwenye mstari huo. Itakuja wakigusa riba, kwa sababu `(int)(0.29 * 100)` inatoa 28. Binti, wakifika huko waambie shilingi zihesabiwe kama namba nzima, halafu uwaulize: 10,000 ikigawanywa marejesho matatu, ile shilingi moja inayobaki inaenda rejesho lipi? Basi.

Binti_Chumbageni

Asante sana mzee wangu, shikamoo. Nikishaweka `30L`, kimebaki nini?

Mzee_wa_Mkonge

Marahaba. Limebaki lenyewe hasa. Mstari unadhani kila siku ina saa 24. Ukiwa Tanga hutaona kosa hata ukijaribu mwaka mzima, kwa kuwa sisi tuko UTC+3 masika na kiangazi, saa haisogezwi. Wachukulie mteja wa London. Mwaka 2024 Waingereza walisogeza saa mbele tarehe 31 Machi. Aliyekopa tarehe 15 Machi saa tano na nusu usiku, yaani 23:30, ukimwongezea saa 720 unatua tarehe 15 Aprili saa 00:30. Kwa kalenda, siku yake ya 30 ni tarehe 14. Umemwongezea siku bure, na mwezi wa kumi wanaporudisha saa, itakuwa kinyume chake.

Kwa hiyo usizidishe chochote. Sema siku 30 za kalenda, katika eneo fulani:

```java
ZoneId eneo = ZoneId.of("Africa/Dar_es_Salaam");
LocalDate siku = mkopo.toInstant()
    .atZone(eneo).toLocalDate().plusDays(30);
```

Ila angalia, `Duration.ofDays(30)` itakurudisha kwenye saa 720 zilezile. Jina linasema siku, ndani ni masaa.

Kijana_wa_Makorora

Mimi nilifundishwa weka kila kitu UTC, habari ya maeneo isahau.

Salma_Pongwe

Kwa jambo lililokwisha kutokea, sawa. Kwa ahadi ya mbele, hapana. Misri walirudisha kusogeza saa mwaka 2023. Aliyekuwa ametunza miadi ya Cairo ya kiangazi kile kwa UTC pekee, miadi yake ilihama saa nzima. Ahadi itunze kwa tarehe na saa ya ukutani pamoja na jina la eneo.

Mzee_wa_Mkonge

Hapo Salma tunatofautiana kidogo. Mimi ningetunza vyote viwili, ili kutafuta madeni yaliyoiva kuwe kwepesi.

Salma_Pongwe

Halafu vikipishana, utaamini kipi?

Dalali_DeepSea

Samahani naingilia. Mimi nina kijiprogramu cha kupokelea samaki pale Deep Sea. Vyombo vikiingia saa nane usiku, mzigo unahesabiwa kwenye ripoti ya jana. Baada ya saa tisa unakaa sawa. Ni ugonjwa huohuo?

Salma_Pongwe

Ndugu yake. Seva yako iko UTC, kwake saa nane yetu ya usiku ni 23:00 ya jana. Ulitunza muda kamili au tarehe tu? Kama ni muda kamili, data ni nzima, badili tu unavyopanga ripoti. Kwa MySQL:

```sql
SELECT DATE(CONVERT_TZ(muda, '+00:00', '+03:00')) AS siku,
       SUM(kilo)
FROM mapokezi GROUP BY siku;
```

Kama ulitunza tarehe tu, za usiku ule huwezi kuzitofautisha tena, labda daftari la mnadani liwepo.

Dalali_DeepSea

Ni tarehe tu. Daftari lipo kuanzia Januari.

Binti_Chumbageni

Nimeandika yote. Swali moja: "siku 30" inaisha saa ileile aliyokopa, au usiku siku inapobadilika? Mstari hausemi.

Mzee_wa_Mkonge

Hilo hata mimi siwezi kukujibu, liko kwenye mkataba wao. Waulize kabla hujaandika herufi moja.

Kijana_wa_Makorora

Wakikujibu "wewe unaonaje" je?