Naomba ushauri: macho mekundu bwenini, warudi darasani lini?

Wakuu, bweni la wasichana limeshikwa na macho mekundu. Machozi mengi, hakuna usaha mzito, kwa hiyo inaelekea ni kirusi, na matone ya antibayotiki hayafupishi siku. Ndoo ya koki na sabuni ipo. Vitakasa mikono haviui vizuri kirusi hiki. Kila mtoto ana taulo lake, ila yote yanaanikwa kamba moja yakigusana, kazi bure.

Utata ni muda. Siku ya 5 wekundu umepungua, lakini wakiamka kope bado zimegandana. Uongozi unataka warudi darasani. Naona wasubiri machozi yakauke, hata ikifika siku ya 10 au 14. Waliosimamia mabweni, mlitenganishaje vitanda na kamba?