Waliojiandikisha ni 16, hesabu yangu ilitaka 25: nifute au niendelee?

Habari zenu wadau. Naomba ushauri wenu.

Jumamosi ya wiki ijayo nina darasa la siku moja la kupamba keki, hapa Mombasa. Ada ni shilingi 2,500. Ukumbi 20,000, mwalimu 25,000, na kila mwanafunzi ananigharimu 700 za chakula na vifaa. Basi kila mtu ananiachia 1,800, na ili nisile hasara nahitaji watu 25. Waliolipa ni 16. Kuna wengine tisa wa "nitatuma jioni", lakini hao siwahesabu tena.

Nikiendelea na hawa 16, hasara ni 16,200. Nikifuta kabla ya Alhamisi hii, napoteza arubuni ya ukumbi tu, 10,000. Wakifika 20, hasara yashuka hadi 9,000, kwa hiyo kwangu sasa namba ya kuamulia ni 20, si 25. Nimeshajaribu kuomba ukumbi mdogo, hakuna.

Maswali yangu mawili. Je, niwaambie leo waliolipa kwamba nitaamua Jumatano jioni, au nitawatia wasiwasi wadai pesa zao? Mmoja anatoka Malindi, asije akakata tiketi bure. Na nikifuta, gharama ya kurudisha pesa kwa simu naibeba mimi?