Tupeane uzoefu: saa mbili asubuhi uliyoiandika vibaya kwenye ujumbe wa Kiingereza

Karani wa Ghala, Mtwara mjini

Habari za jioni ndugu zangu wa Kusini. Nafanya kazi kwenye ghala la korosho. Wiki iliyopita bosi aliniambia nimwandikie mkaguzi wa ubora, mgeni asiyejua Kiswahili, kwamba kupakia kontena kutaanza Alhamisi saa mbili asubuhi. Nikaandika kwa uangalifu, nikasahihisha mara tatu. Salamu ilikaa vizuri, sarufi imenyooka, hata bosi akasifu. Ila saa niliiandika `2:00 a.m.`

Yule mzee alikodi teksi akafika getini saa saba na dakika arobaini na tano usiku, akakaa na mlinzi hadi kukakucha. Nilipofika saa moja na nusu nikamkuta kwenye kiti cha plastiki, na shuka ya mlinzi mabegani. Nilimwomba radhi na bado naona vibaya.

Kinachonisumbua ni kwamba hakuuliza. Kiingereza changu kingekuwa cha kuungaunga angesita, angepiga simu. Barua safi ilimfanya aamini kwamba huku msimu wa korosho tunapakia usiku wa manane. Mbili niliiacha mbili, "asubuhi" nikaipa `a.m.`, na kwa macho ya haraka kila kitu kilionekana kimetimia. Wenzangu, yamewahi kuwakuta? Mnajikingaje?

Nahodha wa Masoko

Pole kaka. Mimi napeleka wageni Kilwa Kisiwani kuona magofu. Nilimwandikia mmoja tukutane gatini `2:00`, bila kuweka chochote mbele. Wewe mtu wako aliwahi kwa saa sita, wangu alichelewa kwa saa sita. Alijiambia hakuna anayekwenda kuona msikiti wa kale saa nane za usiku, basi ni mchana. Alipofika saa nane mchana upepo wa kusi umeshachachamaa, sikuthubutu kumvusha. Nikamrudishia pesa yake yote.

Mwalimu wa Newala

Hili ni rahisi, nawafundisha kidato cha kwanza kila mwaka. Saa ya Kiswahili ongeza sita. Saa mbili inakuwa nane, saa tatu inakuwa tisa. Halafu alfajiri na asubuhi ni `a.m.`, mchana, jioni na usiku ni `p.m.` Ukishika hayo hukosei tena.

Bi Mkalimani, Lindi

Mwalimu, shikamoo, ila hapo mwisho naomba nikusahihishe, maana ndipo nilipoumia mwenyewe. Usiku haukai upande mmoja. Saa mbili usiku ni `8:00 p.m.`, sawa. Saa tisa usiku je? Hiyo ni `3:00 a.m.` Kuanzia saa sita usiku tumeshavuka, na tarehe imebadilika pia.

Nimetafsiri barua za ofisi kwa miaka mingi na nilichokuja kukiamini ni saa ya ukutani. Mtu akitaja saa, naitazama namba inayokabiliana nayo upande wa pili wa duara. Mbili inatazamana na nane, tano inatazamana na kumi na moja, kumi inatazamana na nne. Hakuna cha kuongeza wala kutoa, hata saa zile za saba hadi kumi na mbili ambazo ukiongeza sita unapata kumi na tatu na kuendelea ukababaika. Dakika haziguswi kabisa.

Pa kuangalia ni kasorobo. Saa tatu kasorobo asubuhi nimeona watu wakiandika `9:45`. Tatu inatazamana na tisa, ndiyo, lakini bado haijafika, kwa hiyo ni `8:45 a.m.` Geuza saa kwanza, ndipo urudi nyuma robo.

Sasa tarehe. Bosi mmoja aliniambia niwaandikie wageni kwamba gari la kwenda Dar linaondoka Jumanne usiku, saa tisa. Nikaandika `Tuesday, 3:00 a.m.`, saa iko sahihi kabisa. Yeye alikuwa na maana ya usiku unaofuata Jumanne, yaani alfajiri ya kuamkia Jumatano. Marehemu bibi yangu angeelewa kama nilivyoandika, kwa sababu kwake siku ilianza magharibi jua likizama, na usiku wa Jumanne ulitangulia mchana wake. Vijana wengi leo wanasema kama bosi. Tangu hapo kwa saa yoyote ya baada ya saa sita usiku nauliza kwanza: usiku wa kuamkia lini? Nikijibiwa Jumatano, naandika `Wednesday, 3:00 a.m.`

Mwalimu wa Newala

Marahaba. Nimekuelewa, na nitalirekebisha darasani. Na saa sita yenyewe, ya mchana na ya usiku?

Bi Mkalimani, Lindi

Saa sita mchana ni `12:00 p.m.`, saa sita usiku ni `12:00 a.m.` Lakini hata wenye lugha yao huchanganyikiwa hapo, kwa hiyo mchana naandika `12 noon`, na usiku nakwepa kabisa. Mwanangu aliambiwa maombi ya ufadhili yanafungwa tarehe 30 saa sita usiku. Akamwandikia mdhamini wake `30 November, 12:00 a.m.` Hiyo ni saa sita ya usiku wa kuingia tarehe 30, siku nzima kabla! Angeandika `30 November, 11:59 p.m.` isingekuwa na utata.

Wa Kilambo

Mimi simu yangu ndiyo yenye matatizo. Nikiwa huku karibu na Ruvuma inashika mtandao wa ng'ambo na saa inarudi nyuma saa moja yenyewe. Nimewahi kukosa basi. Nifanyeje?

Bi Mkalimani, Lindi

Mwanangu, hilo lako ni la saa moja, si la sita. Msumbiji wako nyuma yetu kwa saa moja. Zima saa ya kujiseti kwenye simu, uichague ya Tanzania mwenyewe. Ila umenikumbusha jambo: ukimwandikia mtu wa Palma au Pemba ya Msumbiji, `8:00 a.m.` yetu kwake ni `7:00 a.m.` Ongeza `EAT`, yaani saa ya Afrika Mashariki, mbele ajue ni saa ya wapi.

Muuguzi, Lindi

Sisi kwenye mafaili tunaandika saa ishirini na nne, `08:00` na `20:00`. Hakuna `a.m.` ya kukosea. Kwa nini msiandike hivyo?

Karani wa Ghala, Mtwara mjini

Dada, ninavyoona `02:00` ningeiandika vilevile, kosa langu lilikuwa kwenye namba. Ila ni kweli, ukiiona `02:00` inashtua kidogo kuliko `2:00 a.m.`

Kwa Ijumaa nimeandika hivi. Nimemsomea bosi kwa Kiswahili kabla ya kutuma, naye akasema ndiyo, saa mbili asubuhi:

```
Loading starts on Friday at 8:00 a.m. EAT
(about two hours after sunrise, in daylight).
```

Nahodha wa Masoko

Hiyo ya jua nimeipenda, mgeni wangu angeelewa. Mimi siku hizi naweka zote mbili, `8:00 a.m.` na pembeni "saa mbili asubuhi", ili mgeni akimwonyesha bodaboda asome mwenyewe.

Bi Mkalimani, Lindi

Hapo hatukubaliani, nahodha. Mgeni akiona nane na mbili kwenye mstari mmoja, atashika ipi? Kwa bodaboda mwandikie ujumbe wake peke yake.

Nahodha wa Masoko

Bi mkubwa, wangu wawili wa mwisho walifika kwa wakati. Wa tatu yuko njiani kesho, nitawaambia.