Tupeane uzoefu: ulichaguaje ubingwa wa upasuaji, na ulijiandaaje na mtihani wa MCS?

Daktari wa Wilaya

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko hospitali ya wilaya huku Nyanda za Juu Kusini, mwaka wa tatu tangu nimalize intanishi. Nataka kwenda kusomea ubingwa na nimechoka kuulizwa "unataka nini" kila sikukuu ya familia.

Kila mtu ana lake. Shangazi yangu ni muuguzi, anasema niende radiolojia nilale usiku. Mganga mkuu wetu anasema niende uzazi kwa sababu upasuaji wa kujifungua naufanya kila siku. Mwaka huu nikaamua kujipima. Kwa miezi mitatu, kila zamu ikiisha, niliandika kwenye daftari jambo moja: ni mgonjwa gani alinifanya nibaki baada ya saa zangu bila mtu kuniita. Nilipata majina 41. Kati ya hayo, 23 ni mifupa iliyovunjika, wengi wao wa bodaboda. Matumbo ni 9. Uzazi, ambao ndio kazi yangu kubwa, ni wawili tu. Nilikaa na daftari lile muda mrefu.

Kwa hiyo moyo umeelekea mifupa. Sasa naomba uzoefu wenu kwa njia ya COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini: mliingiaje, mlisomaje kwa ajili ya MCS, ule mtihani wake wa hatua ya kwanza, na zamu zikoje? Mpango wangu ni kujisomea hapa hapa wilayani mwaka mmoja, nikafanye mtihani, halafu nitafute nafasi ya mifupa.

Kijana wa PCB

Asante kwa mada. Mimi nimemaliza kidato cha sita, PCB. Je, mtihani huu wa kuingia upasuaji naweza kuufanya mwaka huu au nisubiri matokeo?

Bi Rejista

Mdogo wangu, huu ni wa mtu ambaye tayari ni daktari, amemaliza chuo na intanishi. Wewe omba kwanza shahada ya udaktari. Karibu baadaye.

Daktari wa Wilaya, mpango wako una tatizo mwanzoni kabisa, na bora ulijue leo. MCS hausomewi nyumbani. COSECSA ni chuo kisicho na kuta: ofisi iko Arusha, lakini darasa ni hospitali iliyokaguliwa na kukubaliwa kufundisha. Unapata kwanza kazi ya mafunzo kwenye hospitali hiyo, unasajiliwa, unafanya kazi miaka miwili chini ya wasimamizi huku unaandika kila upasuaji uliohudhuria au kuufanya, ndipo unakaa mtihani. Ukifaulu unaingia FCS, hatua ya ubingwa wa fani yako; kwa mifupa ni miaka mitatu zaidi.

Kwa hiyo ushindani anaouogopa kila mtu, wa mtihani, si ule wa kwanza. Wa kwanza ni nafasi. Hospitali haiwezi kuchukua wanafunzi kuliko mabingwa wanaoweza kuwasimamia. Unaweza kuwa na kichwa kizuri sana ukakosa mahali kwa sababu bingwa mmoja amehama. Ushindani wa pili unakuja baada ya MCS, maana hospitali uliyosomea miaka miwili inaweza isiwe na mafunzo ya FCS ya fani unayoitaka. Mwenzangu mmoja alifaulu vizuri kuliko mimi, ikabidi ahame nchi kutafuta nafasi ya mifupa.

Mimi nilianza nikitaka upasuaji wa ubongo. Nilipenda kuusoma, na bado naupenda kwenye karatasi. Nilipozungushwa kule miezi kadhaa niligundua siwezi kile kinachofuata baada ya upasuaji: wiki nne unamtembelea mgonjwa asubuhi na jioni, unafungua jicho lake, unamwita jina, haitiki, na mama yake amekaa pale anakutazama. Wenzangu wanaweza, na nawaheshimu sana. Mifupa nilirudi nyumbani nimechoka mwili lakini nikalala. Hicho ndicho nilichokipima, uchovu wa aina gani naweza kuamka nao kesho yake.

Kete

Mimi najiandaa na mtihani mwaka huu. Ushauri wangu kwa wote: kariri kanuni, maswali yanajirudia. Mfano wa kuungua. Mtu wa kilo 60, ameungua asilimia 30, amefika saa tatu baada ya ajali. Kanuni ya Parkland ni 4 mara uzito mara asilimia, inakuja mililita 7,200. Nusu ndani ya saa 8, yaani 3,600, gawa kwa 8, unapata 450 kwa saa. Swali limekwisha, songa mbele.

Bi Rejista

Kete, hesabu ya kwanza ni sahihi, na ndiyo maana swali hilo linawakamata watu. Saa 8 zinahesabiwa tangu alipoungua. Ameshapoteza tatu njiani, zimebaki 5. Kwa hiyo 3,600 gawa kwa 5, ni mililita 720 kwa saa. Ile 450 yako itakuwepo kwenye orodha ya majibu, imewekwa kwa ajili ya aliyekariri. Kama alipewa dripu zahanati kabla ya kufika, hiyo nayo unaitoa.

Daktari wa Wilaya

Samahani dada, mbona kwenye mafunzo ya majeruhi tulifundishwa kuanza na 2, si 4?

Bi Rejista

Umefundishwa sawa. Mwongozo wa mafunzo hayo, ATLS toleo la kumi, unaanza na 2 kwa mtu mzima aliyeungua kwa moto, kwa sababu watu walikuwa wanajazwa maji kupita kiasi. Kwa mgonjwa huyu ingekuwa 3,600 kwa jumla, nusu yake 1,800 ndani ya saa 5 zilizobaki, yaani 360 kwa saa ya kuanzia. Halafu unaangalia mkojo: nusu mililita kwa kilo kwa saa, kwa hiyo huyu atoe kama 30 kwa saa. Ukipungua unaongeza maji, ukizidi unapunguza. Wodini mimi nafuata mkojo. Kwenye karatasi nasoma swali limetaja kanuni gani. Lisipotaja, hapo wasimamizi wangu wawili hawakukubaliana, na mimi sitajifanya najua.

Mtihani wenyewe: unaanza na karatasi mbili za kuchagua jibu, moja ya sayansi za msingi, nyingine ya kanuni za upasuaji. Anayefaulu hizo ndiye anayeitwa kwenye vituo, ambako unazunguka meza kwa meza na mtahini anakuuliza au anakuangalia ukimpima mtu.

Nilianguka karatasi ya sayansi mara ya kwanza. Nilikuwa nasoma anatomia kwa kurasa, bega wiki hii, kiwiko wiki ijayo. Kilichonibadilisha ni mtoto wa miaka sita aliyeanguka mwembeni akavunjika mfupa wa mkono juu ya kiwiko. Nilimgusa vidole vyote, akasema anahisi kote, mapigo ya mkononi yapo, nikaandika neva ziko salama. Bingwa akaja akamwambia mtoto, "Fanya duara kwa kidole gumba na cha shahada." Mtoto akashindwa. Vidole vilinyooka, ncha haikukunja. Ni lile tawi la neva ya mediani linaloshuka katikati ya mifupa miwili ya mkono. Halina hisia za ngozi, kwa hiyo ungegusa vidole mpaka kesho usilione. Na katika mvunjiko wa aina ile ndilo linaloumia mara nyingi zaidi. Akaniambia tena: tukiweka pini upande wa ndani, kesho uulize kidole kidogo, maana hapo neva ya alna iko karibu na ncha ya pini.

Tangu siku hiyo kila mgonjwa niliyempokea niliandika kitu gani kinapita karibu na jeraha lake, kinafanya kazi gani, na nitakipimaje bila kumtegemea mgonjwa aniambie. Wagonjwa wawili kwa siku, miezi saba. Mara ya pili nilifaulu, na kwenye vituo sikuwa najifunza upya, nilikuwa narudia nilichokifanya wodini.

Dokta wa Kaunti

Nawasalimu kutoka magharibi mwa Kenya. Mimi nilienda MMed, shahada ya uzamili ya ubingwa chuo kikuu, si COSECSA. Kaunti ilinipa ruhusa ya masomo na mshahara ukaendelea, lakini nilitia sahihi mkataba wa kurudi kuwatumikia. Nilitaka masikio, pua na koo. Kamati ikaniambia wana haja ya daktari wa watoto, nikakubali kwa sababu nilikuwa na familia na sikuweza kukaa bila mshahara. Leo nafanya kazi nzuri na watoto nawapenda, lakini nikisikia mtu akizungumza juu ya sikio la kati bado moyo unashtuka. Siwezi kumwambia mtu afanye nilivyofanya wala asifanye. Soma mkataba wote kabla ya kutia sahihi, hasa inasema nini ukiacha katikati.

Kete

Dokta, COSECSA ni bure na mshahara unalipwa, kwa nini mtu aende MMed kulipa ada?

Bi Rejista

Si bure. Hakuna ada ya chuo kikuu, lakini kuna ya kujisajili na ya mtihani, na huenda ukalipa safari na malazi ya kufika kwenye vituo. Mshahara unategemea hospitali. Wengine wanalipwa vizuri, wengine wanapewa posho tu. Uliza kabla hujaacha kazi.

Mama Usingizi

Naomba niseme na upande wangu, maana kila mwaka nakutana na vijana wanaokuja ubingwa wa dawa za usingizi kwa sababu wamekosa mifupa, wakidhani kuna ushindani mdogo na kazi ndogo. Nafasi kwetu zilikuwa rahisi kupatikana, ni kweli. Lakini hospitali niliyoanzia ilikuwa na vyumba viwili vya upasuaji na bingwa wa usingizi mmoja, mimi. Mpasuaji wa mifupa akimaliza anaenda kuandika. Mimi napokea mama anayetoka damu chumba cha pili. Niliipenda kazi hii tangu intanishi, kwa jinsi unavyoona shinikizo la damu linabadilika mkononi mwako dakika kwa dakika, na kwa sababu hiyo tu niliweza kuvumilia. Aliyekuja kwa kukosa kwingine aliondoka baada ya miezi minane.

Daktari wa Wilaya

Shikamooni, na nashukuru kwa kunivua kitambaa machoni. Nimefuta ule mpango wa kujisomea hapa. Nina wiki mbili za likizo na nimeomba kwenda kushinda kwenye hospitali moja inayofundisha mifupa. Kati ya MMed na COSECSA bado sijaamua, mke wangu anajifungua mwezi wa tisa na suala la mshahara tutalizungumza wote wawili. Dada Rejista, nikifika pale niangalie nini?

Bi Rejista

Marahaba. Fika Jumatatu mapema, uingie kikao cha asubuhi, usikilize nani anaulizwa na nani anajibu. Halafu ingia chumba cha upasuaji siku mbili mfululizo, uhesabu ni mara ngapi mwanafunzi wa mwaka wa pili ndiye ameshika kisu na bingwa ndiye msaidizi. Nilipokwenda kwangu nilihesabu mara tano kati ya upasuaji tisa. Hospitali ya kwanza niliyotembelea, yenye majengo mazuri zaidi, haikutokea hata mara moja. Na usiku mmoja baki mpaka saa sita, uone kama bingwa anapokea simu.