Nimeandikiwa "125.000 sats", waleti inasema "125,000 sats", tulikubaliana 0.00125 BTC. Nimelipwa kamili?

BintiMpunguzi
Habari za jioni wakuu. Niko Dodoma, Kisasa. Natafsiri vipeperushi vya kilimo cha alizeti kwa mteja aliyeko Ujerumani, na safari hii kwa mara ya kwanza tulikubaliana anilipe kwa bitkoini, 0.00125 BTC. Juzi usiku akaniandikia kuwa ametuma "125.000 sats". Mimi nukta naijua ni ya desimali, kwa hiyo nikasoma satoshi mia na ishirini na tano. Nikamwandikia maneno makali ambayo leo yananiuma. Kufungua waleti nikakuta "125,000 sats", nikazidi kuchanganyikiwa.

Halafu nikataka kupima njia kwa kumtumia mdogo wangu aliyeko UDOM kiasi kidogo kabisa, 0.000002 BTC. Waleti ikakataa, ikaandika neno dust.

Naomba mnieleweshe mambo mawili. Kwanza hizo namba zinasomwaje. Pili, kama sarafu moja imekatwa vipande vidogo hivyo, kwa nini kipande nilicho nacho kisitumike? Na kwa nini wasingekata mara mia tu, kama shilingi na senti zake? Natanguliza shukrani.

Kibaigwa_Sokoni
Dada, hujapunjwa hata kidogo. Satoshi milioni mia ndiyo bitkoini moja, kwa hiyo 0.00125 ni satoshi 125,000. Sababu ya kukata ni bei. Zamani bitkoini ilikuwa rahisi, watu wanatumiana nzima nzima. Ilipopanda ndipo wakaikata vipande ili na mtu wa kawaida aweze kununua. Kwenye etha, sarafu ya mtandao wa Ethereum, nako wamekata hivyo hivyo, kipande kidogo kabisa kinaitwa gwei.

Mzee_wa_Chamwino
Mimi ninazo senti hamsini za sungura na senti ishirini za mbuni, nyingine za 1966 kabisa. Nimezitunza kwenye kopo tangu enzi za baba. Kama kuna mtu hapa anajua wapi zinanunuliwa anijulishe.

Fundi_Makole
Mzee wangu, shikamoo. Hapa tunazungumzia sarafu za kwenye simu. Ila kopo lako usilitupe, fungua uzi wake peke yake, wapo wanaokusanya.

BintiMpunguzi, pole. Mteja wako hakukosea na waleti haikukosea. Wajerumani hutenga maelfu kwa nukta na desimali kwa mkato, kinyume chetu. Kwake "125.000" ni laki moja na elfu ishirini na tano. Angekuandikia bitkoini angeweka "0,00125". Kwa hiyo ukifanya kazi na mtu wa kule, usiamini alama, hesabu tarakimu.

Mimi nasoma hivi. Namba ya BTC naijaza sifuri mpaka zitimie tarakimu 8 baada ya nukta, halafu nazikata kuanzia kulia tatu tatu:

```
0.00125    ->  0.00 125 000  ->  125,000 sats
0.000002   ->  0.00 000 200  ->  200 sats
```

Ukishazikata hivyo, soma kuanzia tarakimu ya kwanza isiyo sifuri. Kosa la kawaida ni kuhesabu sifuri kwa macho bila kujaza mwisho. Mtu anaona 0.00125 na 0.000125 zimefanana, kumbe moja ni mara kumi ya nyingine. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, bitkoini moja ni shilingi milioni 200. Satoshi moja inakuwa shilingi mbili, na malipo yako ni laki mbili na nusu. Sifuri moja ikizidi, umebaki na elfu ishirini na tano.

Kibaigwa_Sokoni, hesabu yako ya satoshi ni sahihi, lakini suala la bei siyo. Mgawanyo wa milioni mia ulikuwa ndani ya programu tangu ilipoanza 2009, wakati bitkoini haina hata bei. Ukifungua msimbo wake leo utaona mstari huu:

```
static constexpr CAmount COIN = 100000000;
```

Maana yake mtandao wenyewe haujui desimali. Kinachoandikwa kwenye daftari lake ni namba kamili ya satoshi, yaani 125000. Ile 0.00125 inatengenezwa na waleti ili wewe usome. Na sababu ni ya msingi sana kwa yeyote anayetunza hesabu za watu. Kompyuta ikihesabu kwa desimali za kawaida inaacha mabaki:

```
>>> 0.1 + 0.2
0.30000000000000004
```

Kwenye daftari linalokaguliwa na maelfu ya kompyuta duniani, kila moja ikipiga hesabu kivyake, mabaki kama hayo yangefanya hii ikubali muamala na ile iukatae. Namba kamili hazina mabaki. Ni kama karani wa ghala anayehesabu vibaba badala ya kuandika robo na thumuni za gunia.

Kuhusu kukata mara mia: bitkoini zote zitakazowahi kuwepo hazitafika zaidi ya milioni 21. Ukizikata mara mia unapata vipande bilioni 2.1, na dunia ina watu zaidi ya bilioni 8. Hata kipande kimoja kimoja visingetosha.

BintiMpunguzi
Asante sana kaka. Nimejaza sifuri kwenye karatasi na sasa naziona. Mteja nimemwomba radhi. Lakini ile satoshi 200 bado sijaelewa. Ni namba kamili, ninayo, kwa nini ikataliwe?

Fundi_Makole
Kwa sababu makato ya bitkoini hayaangalii kiasi unachotuma. Yanaangalia ukubwa wa muamala, yaani nafasi unayochukua kwenye daftari. Waleti inaonyesha kitu kama "3 sat/vB", yaani satoshi tatu kwa kila kipimo kimoja cha nafasi. Muamala wa kawaida wa anwani zinazoanza na bc1q, unaotoa fungu moja, yaani malipo uliyopokea kwa mara moja, na kurudisha chenji, unachukua kama 141. Zidisha mara 3, ni satoshi 423. Umetaka kutuma 200 kwa nauli ya 423.

Ila ubaya wenyewe unampata mdogo wako. Akipokea satoshi 200, siku akitaka kuzitumia atalipia nafasi ya kuzitoa pale zilipolala, na nafasi hiyo itagharimu karibu zote au kuzidi. Zinabaki kama punje sakafuni mwa ghala, kuziokota ni gharama kuliko zenyewe. Ndiyo maana kompyuta za mtandao kwa kawaida hazipitishi fungu lililo chini ya kiwango, na hilo ndilo dust, yaani vumbi. Kwa anwani ya bc1q kiwango ni satoshi 294, kwa zile za zamani zinazoanza na 1 ni 546. Zinatokana na hesabu hiyo hiyo: nafasi ya kuandika fungu pamoja na nafasi ya kulitumia baadaye, ambayo kwa bc1q ni 98, mara satoshi 3.

Hilo siyo sharti la daftari lenyewe. Ni utaratibu ambao kompyuta zimejiwekea wa kutopitisha vumbi. Kwa kupima njia, mtumie mdogo wako satoshi 2,000, hazitakataliwa. Makato utalipa yale yale.

Mama_Zabibu
Nami niseme yangu, maana gwei ilinitia hasara. Niko Hombolo, mwanangu aliye nje alinitumia etha kidogo. Nilipotaka kuihamisha nikaona "2 gwei", nikafikiri ndiyo makato yote. Nikaacha kwenye waleti etha ya kutosha gwei 10, nikaona nimeacha ya akiba kabisa. Kila nikibonyeza inakataa, salio halitoshi. Nilihangaika siku tatu, na aliyejitolea kunisaidia alinitoza elfu ishirini akafanya kazi ya dakika mbili.

Fundi_Makole
Pole sana mama. Hiyo gwei 2 ilikuwa bei ya kipimo kimoja cha gesi, yaani kazi ambayo mtandao unafanya kupitisha muamala wako, kama bei ya lita moja pale kituo cha mafuta. Kutuma etha kwenda anwani ya kawaida kunakula vipimo 21,000. Kwa hiyo:

```
21000 x 2 gwei = 42,000 gwei = 0.000042 ETH
```

Kwa etha unajaza tarakimu 9 baada ya nukta ili upate gwei: 0.000 042 000. Ukituma tokeni kama USDT gesi inayoliwa ni mara mbili au tatu ya hapo, na bado inalipwa kwa etha. Hapo ndipo wengi wanakwama, ana USDT nyingi lakini hana etha ya nauli.

Na Kibaigwa, gwei siyo kipande kidogo kabisa. Kidogo kabisa ni wei, gwei moja ni wei bilioni moja, na etha moja ni wei bilioni bilioni. Daftari la Ethereum linaandika kwa wei. Gwei imependwa kwa sababu bei ya gesi ikisomwa kwa wei ni mlolongo wa sifuri, na kwa etha ni mlolongo mwingine upande wa pili wa nukta.

Kibaigwa_Sokoni
Nimekubali kwa wei. Lakini kwenye bei nitashikilia kidogo: hata kama mgawanyo ulikuwepo 2009, watu walianza kuuhitaji bei ilipopanda.

Fundi_Makole
Hapo hatugombani.

Nkuhungu_Kwetu
Wakuu, mimi nilikuwa napokea satoshi 1,000 kila nikimaliza kazi ndogo ya mtandaoni, mara 40, anwani za bc1q. Waleti inasema 40,000. Leo nataka kuhamisha zote, makato yanaonekana zaidi ya 27,000! Huu siyo wizi?

Fundi_Makole
Siyo wizi. Hizo 40,000 zimelala mafungu 40, na kila fungu linachukua nafasi ya kama 68. Ukiongeza nafasi ya kuandika fungu jipya, jumla ni 2,760 hivi. Naona bei uliyopewa ni 10 sat/vB. Ikishuka hadi 3 utalipa kama 8,300. Ikipanda hadi 20 utadaiwa kama 55,000, zaidi ya ulicho nacho. Subiri foleni ya miamala ipungue na bei ishuke, kisha yaunganishe yawe fungu moja.

Nkuhungu_Kwetu
Na isiposhuka?

Kibaigwa_Sokoni
Mimi ningehamisha leo leo, 12,000 mkononi si sawa na bure.

Fundi_Makole
Mimi ningesubiri, hasa usiku wa wikiendi. Lakini hela ni yako, na kama una shida ya haraka Kibaigwa ana hoja. Siku zijazo mwambie anayekulipa akusanye malipo ya mwezi atume mara moja.

BintiMpunguzi
Mrejesho: nimetuma 0.00002000, mdogo wangu amepata "2,000 sats". Makato yalikuwa 423, kama kaka alivyopiga. Kwenye mkataba unaofuata nimeandika kiasi kwa satoshi bila nukta wala mkato, na pembeni kwa maneno. Ila mteja ameniuliza waleti yake mpya inaonyesha "₿125000". Hiyo ni bitkoini laki moja na ishirini na tano elfu?

Fundi_Makole
Hapana, ni satoshi zile zile. Kuna pendekezo linaitwa BIP 177 la kuita kila satoshi bitkoini na kuondoa desimali, na baadhi ya watengeneza waleti wamelipenda. Wengine wanalipinga vikali kwa sababu ya swali hilo hilo ulilouliza. Kwenye mkataba wako andika neno satoshi.