Waliowahi kudai marejesho ya ushuru kwa sababu ya msimbo uliokosewa, tupeane uzoefu

Paneli240

Habari zenu wadau. Naanza na langu, halafu naomba kila aliyepitia njia hii atusimulie yake.

Niliingiza paneli za sola 240, kila moja ya wati 400. Wakala wangu akaziandika 8501.72, fungu la jenereta za umeme wa jua za mkondo mnyoofu zinazozidi wati 50. Kwenye jedwali letu la ushuru fungu hilo linatozwa asilimia 10. Nililipa, mzigo ukatoka, nikauza. Miezi minne baadaye nikaleta paneli zilezile kutoka kiwanda kilekile kwa kutumia wakala mwingine. Huyu akaandika 8541.43, ushuru ukawa sifuri. Usiku huo niliyatandaza mezani makaratasi ya mizigo yote miwili nikayalinganisha mstari kwa mstari. Bidhaa haikuwa na tofauti hata moja.

Nilipomuuliza wakala wa kwanza, alinionyesha karatasi ya vipimo ya kiwandani. Imeandikwa kwamba nyuma ya kila paneli kuna dayodi 3. Kwake yeye paneli yenye dayodi ni jenereta. Nikalazimika kujifunza dayodi zile zinafanya kazi gani, maana dai zima lilikuwa limesimama hapo.

Kwa fedha, nikiacha sarafu pembeni: thamani ya mstari ule ilikuwa 60,000, kwa hiyo ushuru ulikuwa 6,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ikapigwa juu ya 66,000 badala ya 60,000, na hapo nikalipa 1,080 nyingine isiyostahili.

Dai la kwanza lilirudishwa. La pili lilikubaliwa, nikarudishiwa zile 6,000. Hizo 1,080 bado hazijaeleweka. Wenzangu mlifanyaje?

KalamuYaTamko

Hongera ndugu. Nimeandika matamko ya forodha kwa miaka mingi na madai mengi yamepita mikononi mwangu. Naomba utueleze la kwanza lilirudi kwa nini, maana ndiko kwenye somo.

Paneli240

Kwa mambo mawili, mkuu. Nilitaja namba ya stakabadhi ya benki nikidhani inatosha, wao wakasema hawaoni tamko lolote kwa namba hiyo. La pili, ushahidi wangu wote ulikuwa ankara ya muuzaji iliyoandikwa msimbo 8541.40. Ofisa akanijibu kwamba fungu hilo halimo kwenye jedwali linalotumika sasa.

KalamuYaTamko

Yote mawili nayakuta kila mara.

Tamko moja huwa na namba zaidi ya moja. Kuna namba ya usajili wa tamko lenyewe, kuna ya tathmini, kuna ya stakabadhi. Anayeshughulikia dai lako anafungua tamko kwa namba ya usajili, pamoja na ofisi lilikosajiliwa na tarehe yake. Namba ya hati ya shehena haimfikishi popote, kwa sababu hati moja inaweza kuzaa matamko mawili au matatu. Tena taja mstari. Kama paneli ziko mstari wa 2 na fremu za kufungia mstari wa 3, andika mstari wa 2. Na kama tamko liliwahi kurekebishwa baada ya kusajiliwa, sema unazungumzia hesabu za toleo lipi, kwa sababu kiasi kwenye tathmini ya mwanzo hakitalingana na ulicholipa.

Kuhusu 8541.40, muuzaji wako hakudanganya. Alikuwa bado anatumia toleo la zamani. Toleo la 2022 la HS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, lililivunja fungu lile, seli zilizounganishwa kuwa paneli zikapewa 8541.43. Ndiyo maana msimbo wa kwenye ankara ni fununu tu. Uthibitisho ni maneno ya kichwa chenyewe, vidokezo vya sehemu na sura, halafu bidhaa ilivyo.

Bi Stoo

Mimi nilirudishiwa haraka sana. Kontena langu lilifika vigae vingi vimepasuka, nikaita mkaguzi kabla hayajatoka, wakapunguza ushuru. Kwa hiyo mwambieni mtu aite mkaguzi mapema, asingoje.

KalamuYaTamko

Dada, hilo lako ni dai la bidhaa zilizoharibika kabla ya kutoka mikononi mwa forodha, na lina kanuni zake. Hapa bidhaa zilifika salama, thamani haina ubishi, kilichokosewa ni fungu. Ushauri wako wa mkaguzi una maana kwa upande mmoja: mzigo ukiwa bado bandarini ni rahisi kuthibitisha ulivyo. Ukishatoka, kazi ya kuthibitisha inakuwa yako.

Mzee Ankara

Msimhangaishe kijana. Tarakimu sita za kwanza za HS ni moja dunia nzima. Alete tamko la kusafirisha nje kutoka nchi ya kiwanda, lenye 8541.43, na forodha ya huku itabanwa kuufuata msimbo huo.

KalamuYaTamko

Mzee wangu, shikamoo. Nusu ya kwanza ni kweli kabisa: nchi zinazotumia mfumo huu zinashiriki tarakimu sita. Lakini zinashiriki orodha, hazishiriki uamuzi wa ofisa mmoja. Forodha ya kule inaweza kupokea msimbo uliokosewa bila kuugusa, hasa kwa bidhaa zinazotoka nje bila ushuru. Tamko lile uliweke kwenye kiambatisho kama la kusaidia. Ukilifanya nguzo, dai linaanguka.

FundiJua

Nafunga paneli kila siku, naomba niingie kwenye hizo dayodi maana naona ndipo wakala alipoteleza.

Geuza paneli. Nyuma kuna kiboksi cheusi ambamo nyaya mbili zinatokea. Kifungue, utakuta dayodi zimekaa kati ya vituo vya shaba, mara nyingi 3, kila moja ikilinda kundi moja la seli. Kundi likifunikwa na kivuli au kinyesi cha ndege, mkondo wa makundi mengine unapita kwenye dayodi badala ya kulazimishwa kupita kwenye seli zilizofunikwa na kuziunguza. Hiyo ni dayodi ya kupitishia pembeni. Iko sambamba na seli.

Kuna nyingine inayowekwa kwenye njia yenyewe ya umeme unaotoka, kuzuia mkondo usirudi kwenye paneli usiku kutoka kwenye betri. Hiyo inaongoza mwelekeo wa mkondo. Fundi akishika mchoro wa nyaya anazitofautisha kwa dakika moja: sambamba au mfululizo.

KalamuYaTamko

FundiJua umemaliza kazi. Maelezo ya Ufafanuzi ya Shirika la Forodha Duniani yanazipeleka 85.01 paneli zenye vipengele, hata viwe sahili namna gani, mfano dayodi za kuongoza mwelekeo wa mkondo, ambazo zinalisha umeme moja kwa moja kwenye kitu kama mota. Vilevile zile zilizounganishwa na betri na kidhibiti au inveta. Wakala alisoma neno "dayodi" akaishia hapo. Dayodi ya kupitishia pembeni inalinda seli tu, paneli inabaki 85.41.

Paneli240

Ndivyo nilivyojenga dai la pili. Nilipiga picha paneli moja iliyobaki stoo: lebo ya nyuma inayoonyesha modeli na namba yake, kisha kiboksi kikiwa wazi. Kiwanda kikanitumia mchoro wa nyaya wa modeli ileile, umetiwa muhuri. Kiini cha barua kilikuwa hiki:

"Tunaomba marejesho ya ushuru wa 6,000 uliolipwa zaidi kwenye tamko namba 4417 la tarehe 12 Machi, mstari wa 2, paneli 240. Bidhaa ziliwekwa 8501.72. Fungu sahihi ni 8541.43 kwa Kanuni ya 1 na ya 6 za uainishaji, kwa kuwa dayodi zilizomo ni za kupitishia pembeni, na paneli hazikuja na betri, kidhibiti wala inveta. Mchoro na picha zimeambatishwa."

Nikaambatisha tamko, stakabadhi, ankara, orodha ya mizigo na hesabu ya zamani na mpya. Nililitaja pia tamko la mzigo wa pili, kwamba ofisi ileile iliikubali 8541.43 kwa modeli ileile.

Mpanda Ngazi

Hongera kaka. Langu lilikataliwa, nalisema ili mwingine asiumie. Nilikuwa na haki kwenye msimbo, hilo wenyewe walikiri. Lakini nilihesabu muda kuanzia siku mzigo ulipotoka, kumbe unahesabiwa tangu siku ya malipo. Nililipa mapema, mzigo ukakaa wiki tatu kwa sababu ya karatasi nyingine. Nikapeleka dai siku 9 baada ya muda kuisha.

KalamuYaTamko

Pole sana. Kila mtu asome sheria inayomhusu, maana hazifanani. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoa miezi 12 tangu siku ya kulipa. Umoja wa Ulaya ni miaka 3 tangu mdaiwa aarifiwe deni. Marekani pingamizi ni siku 180 baada ya hesabu ya tamko kufungwa. Ukiazima muda wa jirani unapoteza dai zuri.

Na jingine ambalo watu hawaambiwi. Ukidai, tamko zima linafunguliwa upya. Nimeona mtu akidai mstari wa 2, ofisa akakuta mstari wa 4 vidhibiti chaji vimeandikwa kama vipuri vya paneli. Aliishia kudaiwa zaidi ya alichoomba. Pitia mistari yote kwanza, na penye kosa lako useme mwenyewe.

Bi Stoo

Nimeelewa sasa. Hizo 1,080 je? Kama alishazikata kwenye ritani yake ya mwezi, si alikwisha zipata?

Paneli240

Dada umeligusa hasa. Nimeangalia ritani ya Machi: nilikata 11,880 yote. Kwa hiyo nikirudishiwa 1,080 nitakuwa nimeichukua mara mbili. Mhasibu wangu anasema niiondoe kwenye dai, lakini barua ya kukubaliwa imetaja ushuru tu na kunyamaza kuhusu kodi, na sijui kama natakiwa kurekebisha ritani hata kama sikurudishiwa.

Mpanda Ngazi

Na mimi nina swali. Kuna nchi zinakataa marejesho kama ushuru ulishauingiza kwenye bei ukamlipisha mteja. Wewe ulishauza karibu zote. Hawakukuuliza?

Paneli240

Hawakuniuliza. Niliuza bei moja mizigo yote miwili, na ankara za mauzo ninazo. Kama kuna aliyeulizwa akajibu kwa ankara za namna hiyo, naomba atuandikie alikubaliwa au la.