Gawio kutoka kampuni tanzu: lisamehewe, au liingie kwenye mapato ya kawaida?

Mkunazini_Biashara:
Assalaam alaykum wakubwa. Kampuni yetu ina nyumba ya wageni hapa Mjini, na ina hisa kwenye kampuni tanzu ya vinywaji. Mwaka huu bodi yao inataka kutoa gawio, fungu letu ni milioni 60. Mhasibu wetu wa zamani anasema liingie kwenye mapato ya kawaida likatwe 30%. Huyu mpya anasema gawio baina ya kampuni lina msamaha, tusitie wasiwasi. Nimsikilize nani? Ritani iko karibu.

Karafuu_Kavu:
Mpya yuko sahihi. Ukishika 25% gawio ni msamaha, sifuri. Shemeji yangu ana kampuni Mombasa, wao hata 12.5% inatosha, halipi kitu.

Hesabu_Darajani:
Waalaykum salaam. Ndugu yangu, umeleta nusu ya habari. Hiyo tanzu imesajiliwa wapi? Mnashika asilimia ngapi? Na hisa zote mlizonazo zina kura?

Karafuu, hiyo 12.5% ni sheria ya Kenya na inahusu kura. Haivuki bahari. Kwetu kampuni mkaazi ikimlipa mkaazi mwenziwe anayeshika 25% au zaidi, inakatwa kodi ya zuio 5%, nayo ni ya mwisho. Chini ya hapo ni 10%, pia ya mwisho. Kwa hiyo wahasibu wote wawili wamekosea, kila mmoja upande wake.

Mkunazini_Biashara:
Samahani. Tanzu iko Dar, imesajiliwa huko. Tunashika 28%.

Bi_Kizimkazi:
28% halafu unaiita tanzu? Tanzu ni ile unayoitawala. Hiyo ni kampuni mshirika tu.

Hesabu_Darajani:
Kwa vitabu vya hesabu una haki, Bi. Kwa zuio hili haijalishi tunaiitaje, mstari uko kwenye 25%. Ila hapo pana masharti mawili na watu husoma moja tu. Ushike 25% ya hisa, na pia utawale 25% ya kura, moja kwa moja au kupitia watu wa kati. Yote mawili kwa pamoja. Ndiyo maana nimeuliza kura.

Msuka_Pemba:
Mie naomba kuuliza, hili tunapeleka ZRA au TRA? Maana mie na duka langu Wete kila mwezi natumiwa ujumbe na hawa na hawa.

Hesabu_Darajani:
Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo TRA, hata kampuni ikiwa imesajiliwa Zanzibar. VAT na ada za hoteli za hapa ndizo za ZRA. Na kwa sababu sheria ni moja, kampuni ya Unguja na ya Dar zote ni wakaazi. Hapo hatuna tatizo.

Mkunazini_Biashara:
Nimefungua katiba ya kampuni. Hisa zote ni 1,000. Zetu 280, lakini 100 ni za upendeleo, tulizipata tulipoingiza fedha mara ya pili. Imeandikwa hazina kura.

Hesabu_Darajani:
Basi hesabu inageuka. Ondoa hizo 100 kwenye kura: zinabaki 900 zenye kura, zenu ni 180. Hiyo ni 20%. Hisa mmefika, kura hamkufika. Zuio ni 10%, yaani milioni 6 badala ya 3, na mnabaki na 54 badala ya 57. Ingekuwa mapato ya kawaida, kodi ingekuwa milioni 18 mkabaki na 42.

Na uelewe, hili halichaguliwi. Gawio la kampuni mkaazi likishakatwa zuio la mwisho, huruhusiwi kulirudisha kwenye jumla ya mapato hata ukitaka.

Bi_Kizimkazi:
Hapo ndipo tulipoumia sisi. Mhasibu wetu, simtaji, alipokea gawio likiwa limeshakatwa, akaandika kiasi kilichoingia benki chini ya "mapato mengine". Tukalipa 30% juu ya fedha iliyokwisha kukatwa. Hakuna aliyegundua mpaka mkaguzi mwengine alipouliza kwa nini mapato mengine yamepanda ghafla. Cheti cha zuio hatukuwa nacho, kwa sababu wale waliotulipa walikata lakini hawakutoa. Tukaanza kuwafuata: leo mtu wao yuko safarini, kesho mashine mbovu. Kisha kurekebisha ritani, barua, kusubiri. Fedha hatimaye tuliachiwa iende kwenye kodi ya mbele, lakini mwaka ule mishahara ya Ramadhani tuliikopa. Dai cheti siku ileile ya malipo, msichelewe.

Hesabu_Darajani:
Sahihi kabisa. Na mwenye kukata ni yule anayelipa gawio, afikishe TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Waulizeni Dar wamepanga kukata ngapi. Wakikata 5% wakidhani mna 28%, upungufu utawarudia wao kwanza, kisha watakuja kwenu na maneno.

Karafuu_Kavu:
Si wazigeuze tu hizo hisa 100 ziwe za kawaida? Kura zinakuwa 280 kwa 1,000, wamefika.

Hesabu_Darajani:
Wazo zuri, likifanyika kabla bodi haijatangaza gawio, kwa azimio la wanahisa na marekebisho BRELA. Lakini wenzao watawapa kura zaidi ili wao waokoe milioni 3? Mie ningewauliza kwa utaratibu.

Mkunazini, jambo jengine: mlizinunua kwa fedha zenu au mkopo?

Mkunazini_Biashara:
Mkopo. Riba mwaka huu kama milioni 9. Mhasibu ameitoa kwenye faida ya nyumba ya wageni.

Hesabu_Darajani:
Hapo pana hatari kubwa kuliko hizo kura. Gharama ya kuzalisha mapato yenye zuio la mwisho haitolewi. Mkaguzi akiiona hiyo riba ataikataa, nanyi mtadaiwa 30% yake, milioni 2.7, na adhabu juu. Lingekuwa gawio la mapato ya kawaida riba ingetoka: 60 kutoa 9 ni 51, kodi 15.3. Hata hivyo zuio la 10% pamoja na riba iliyokataliwa ni 8.7. Bado mna nafuu.

Dubai_Forodhani:
Mimi nina kampuni Dubai, yote yangu kupitia kampuni ya hapa. Kule hawakati zuio. Naacha faida ikae kulekule tu, sitoi gawio.

Hesabu_Darajani:
Gawio la nje ndilo hasa linaloingia kwenye mapato ya kawaida, 30%. Na kuliacha huko hakukuokoi: sheria ina sura ya kampuni za nje zinazotawaliwa na wakaazi, faida isiyogawiwa huhesabiwa kama imeshakufikia.

Dubai_Forodhani:
Na ile 9% niliyolipa kule siitoi?

Hesabu_Darajani:
Iliyolipwa na kampuni juu ya faida yake ni kodi ya mtu mwengine, si yako. Wengine wanabishana. Ningeomba uamuzi wa maandishi wa Kamishna kabla ya kuitegemea.

Msuka_Pemba:
Jamani, na hisa zangu za benki kule soko la Dar? Mie ni mtu, si kampuni.

Hesabu_Darajani:
Zilizoorodheshwa DSE ni 5%, bila kujali asilimia.

Karafuu_Kavu:
Kumbe! Afadhali kununua benki kuliko kuhangaika na kura.

Bi_Kizimkazi:
Riba mnayoizungumza hapa, kwa nini mlikopa ya riba wakati murabaha zipo? Huo ndio mjadala.

Mkunazini_Biashara:
Bi, usiniongezee. Kwanza nimpigie mwenyekiti wa Dar kuhusu hizo 100. Murabaha nayo mkaguzi anaichukuliaje, faida ya benki ni riba au bei ya kununulia?